Bi harusi anataka video ishuke: ruhusa ya picha, wimbo wa redioni na kusema umelipwa

*Assalaam aleikum dada. Natengeneza video za saluni moja ya maharusi hapa Mombasa. Wananilipa elfu tisa kila video, naziweka kwenye ukurasa wangu wa Instagram na TikTok, kisha wao wanataka kuzilipia zisambae. Wiki iliyopita niliweka ya bi harusi mmoja, hina na mekapu, na wimbo ulikuwa ukipigwa redioni pale pale saluni. Jana kanipigia analia, anataka ishuke, ilhali siku ile alikubali kwa mdomo. Wenye saluni wanasema alikubali, kwa hivyo isishuke. Na Instagram nayo imekataa kuilipia kwa sababu ya wimbo. Nani ana haki hapa? Na je, ni lazima niseme nimelipwa? Mimi huandika tu "nimepita hapa leo, mashallah."*

Waaleikum salaam dadangu. Ishushe kwanza, kisha urudi tuendelee.

Umeshusha? Haya. Bi harusi ana haki, na wala si haki ya kuhurumiwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema mtu aliyeridhia taarifa zake zitumiwe anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Uso wake, sauti yake, jina lake, vyote ni taarifa zake. Kuondoa ridhaa hakuifanyi wiki ile moja iliyopita kuwa kosa, ikiwa kweli aliridhia. Lakini tangu alipokupigia jana, kila saa video inayobaki hewani inabaki bila ruhusa. Kwa hiyo hoja ya wenye saluni kwamba "alikubali" inahusu wiki iliyopita, haihusu leo.

Na hata hiyo ya wiki iliyopita, mimi nisingeitegemea sana. Sheria hailazimishi ridhaa iwe ya maandishi, ila inamtwika mwenye kutumia taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Yaani ukiitwa, si yeye atakayethibitisha kwamba alikataa, ni wewe na saluni mtakaothibitisha kwamba alikubali, na alikubali nini hasa. Jiulize uliyomwambia siku ile. Nadhani ilikuwa kama, "Bi harusi, nikuchukue kidogo?" naye akatikisa kichwa, brashi ikiwa jichoni, gari la kumpeleka ukumbini linapiga honi nje. Alikubali kuchukuliwa. Je, alikubali kuwekwa kwenye ukurasa wako? Alikubali kuwa tangazo la kulipiwa, litakalomfikia shemeji yake Malindi na mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyeko Dubai? Sheria hiyo hiyo ina kifungu cha 37 kinachokataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi. Kupigwa picha ni jambo moja, kuuzia huduma kwa picha hiyo ni jambo la pili.

Waambie wenye saluni kwamba haya yameshatokea kwa wakubwa. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5. Chanzo chake kilikuwa picha ya mtu mmoja iliyotumiwa kwenye stori ya Instagram bila ridhaa yake, stori ambayo kwa kawaida hupotea baada ya saa 24. Septemba 2023 ikafuata klabu ya Casa Vera ya Nairobi, shilingi 1,850,000, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekwenda kujiburudisha. Siku zile zile shule moja, Roma School, ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Saluni yenu haitafika milioni 5, maana sheria inaweka ukomo wa milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, chochote kilicho kidogo. Ila mlalamikaji anaweza pia kudai fidia yake mwenyewe, na hiyo haihesabiwi kwa mauzo.

Sasa, kushusha si kubonyeza mara moja. Toa Instagram, toa TikTok, toa kwenye stori ulizozihifadhi juu ya ukurasa, toa kwenye hali ya WhatsApp. Kisha waulize saluni kama mtu wao aliipakia upya faili lile kwenye akaunti ya matangazo. Tangazo lililotengenezwa kivyake kwa kupakia faili upya halizimiki ukifuta video yako, huendelea kula pesa na kuonyesha uso wa mtu huku wewe ukidhani mambo yamekwisha. Waulize pia nani ana faili ghafi kwenye simu yake. Ukimaliza, mwandikie bi harusi umetoa wapi na wapi, na saa ngapi. Usimpe maelezo marefu ya kujitetea. Anachotaka ni kujua imetoka.

Mara nyingine, ruhusa iombwe mapema, siku ya kulipa malipo ya kwanza, wakati mtu bado amekaa na akili zake na kikombe cha chai. Saluni za maharusi za Pwani zina jambo ambalo fomu za kuiga kutoka kwingine hazilijui: bi harusi huyu usiku wa kupamba anaonekana na wanawake peke yao, na mara nyingi simu huzuiwa mlangoni. Akiwa kwenye kiti chenu nywele ziko wazi, mabega yako wazi, anasingwa. Halafu video yako inafanya kazi ambayo mlinzi wa mlangoni usiku ule alilipwa kuizuia. Ndiyo maana usimuulize "ndiyo au la" kwa jambo zima. Mgawie. Wengi wanaokataa uso hukubali mikono, na mikono yenye hina ndiyo inayouza hata hivyo.

Mimi hutumia ujumbe huu, unatumwa kwa WhatsApp na mteja anajibu kwa maneno yake mwenyewe:

"Bi harusi, saluni inaomba kutumia picha na video zako kuitangaza. Tafadhali jibu kila moja ndiyo au la. Moja: mikono na miguu yenye hina, bila uso. Mbili: uso ukiwa umejitanda. Tatu: uso na nywele. Nne: kutaja jina lako. Tano: kulipia video iwafikie watu wasiotufuata. Zitakaa Instagram na TikTok kwa miezi 12, kisha tutazitoa. Utaona video kabla haijatoka. Ukibadili mawazo wakati wowote, andika 'toeni' kwa namba hii na tutatoa ndani ya siku moja. Ukikataa yote, huduma na bei ni ile ile."

Maneno ya mwisho yana kazi. Ridhaa inatakiwa iwe huru. Ukimwambia mteja kwamba asipokubali kupigwa picha atalipa zaidi ya bei yenu ya kawaida, hapo umemnunua kwa vitisho. Punguzo kwa anayekubali linaweza kuwa la haki, mradi ile bei kamili iwe ndiyo bei kweli, isiwe imepandishwa jana.

Kuna suala la mama. Mara nyingi mama au somo ndiye hujibu: "Mchukueni tu, mchukueni, tunataka kuona." Mama hawezi kumridhia binti mtu mzima. Jibu litoke kwa simu ya bi harusi. Kwa mtoto ni kinyume chake: yule binti wa miaka 7 aliyevalishwa gauni la kusindikiza hawezi kujiridhia, anahitaji mzazi au mlezi, na shangazi aliyemleta saluni si lazima awe mlezi wake.

Kisha tazama video yako sekunde kwa sekunde bila sauti, macho yakiwa pembeni ya picha badala ya katikati. Saluni imejaa vioo. Umemchukua bi harusi kwa mgongo kwa heshima zote, na kioo kinamwonyesha mbele, na nyuma yake mteja mwingine aliyevua mtandio akingoja kusukwa. Yule hajaulizwa chochote. Na kwenye hina penyewe, angalia kama mchoraji ameficha herufi za majina ya bwana na bibi kati ya maua, kama wanavyopenda. Sheria inamhesabu mtu anayetambulika, hata kama uso hauonekani. Mikono yenye herufi mbili, pete na tarehe kwenye maelezo, mtaa mzima unajua ni nani.

Nije kwenye wimbo. Instagram ilipokataa ilikufanyia hisani. Wimbo wowote una haki mbili ndani yake, na watu huzichanganya. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, ambao ni wa mtunzi. Na kuna rekodi ile yenyewe iliyopigwa studio, ambayo mara nyingi ni ya prodyuza au ya kampuni iliyolipia. Ukiweka wimbo chini ya video ya biashara unahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na rekodi miaka 50 tangu ilipofanywa. Kwa hiyo hata taarabu ya bibi zetu si ya bure hivyo: rekodi inaweza kuwa imeshamaliza muda wake, ilhali mshairi alifariki miaka 20 iliyopita na warithi wake wapo Mji wa Kale wanakunywa kahawa.

Wenye saluni watakuambia wanalipa leseni ya muziki kila mwaka, cheti kiko ukutani. Ni kweli, na kina maana yake: kinawaruhusu kupiga muziki wateja wausikie pale dukani. Hakiwaruhusu kuubandika muziki huo kwenye filamu ya kuuza huduma. Hizo ni matumizi mawili tofauti, na mirabaha yake ni tofauti. Na kwa kuwa redio ilikuwa ikilia wakati unachukua video, simu imeirekodi, na Instagram ikaandika "Original audio" chini yake. Maneno hayo yanaeleza sauti ilivyoingia tu, hayakupi umiliki. Mitambo yao husikiliza na kuutambua wimbo hata ukiwa nyuma ya kelele za feni ya kukaushia nywele.

Sababu ya wewe kuona wimbo huo huo kwenye video elfu za watu na zako zikakwama ni hii: mikataba ya majukwaa na kampuni za muziki ni ya mtu anayejifurahisha, haiwafuniki wanaouza. Akaunti ya biashara ya Instagram huonyeshwa nyimbo chache kwa sababu hiyo. TikTok nayo ina hazina yake ya biashara, Commercial Music Library, na kule ndiko unakotakiwa kuchota. Kwa Meta kuna Sound Collection. Kubadili akaunti iwe ya binafsi ili nyimbo zirudi hakubadilishi video ni ya nani na inauza nini. Sekunde 15 hazikuokoi, na kuandika chini kwamba haki ni za mwenyewe hakukuokoi hata kidogo, kwa maana umekiri unajua si zako. Huko Marekani kampuni za muziki zimeshafikishana mahakamani na wenye biashara kwa video fupi za namna hii. Mwaka 2021 Sony Music iliishtaki kampuni ya nguo za mazoezi ya Gymshark, na kesi ikaisha kwa maelewano. Mwaka uliofuata mahakama ya Florida iliamua kwamba kampuni ya kinywaji cha Bang ilivunja hakimiliki kwa kutumia nyimbo za Universal katika video zake za TikTok, na hoja kwamba nyimbo zinapatikana ndani ya TikTok haikuwasaidia.

Kwa kazi yako, dawa rahisi ni kuomba redio izimwe kwa dakika kumi unapochukua video. Sauti za saluni zenyewe ni tamu, kama ile ya vikuku vikigongana wakati mkono unageuzwa. Ukitaka muziki wa kwenu kweli, mwagize kijana mpiga oud au ganuni akupigie sekunde 40 za sauti yake mwenyewe, umlipe, na muandikiane. Akipiga taarabu ya mtu mwingine umepona upande wa rekodi tu, utunzi bado una mwenyewe.

Na uandikishe vizuri. Miaka ya nyuma nilikuwa nafanya video za duka moja la mitandio, prodyuza rafiki akanitumia biti kwa WhatsApp: "tumia tu dada, usijali." Nilitumia kwenye video sita. Baada ya miezi mitatu zote zikanyamazishwa usiku mmoja. Biti ile alikuwa ameshamuuzia msanii, yeye peke yake, na alisahau tu kwamba alinipa. "Tumia tu" haisemi nani, wapi, mpaka lini, na kama naweza kulipia tangazo. Siku hizi nataka mistari mitano: jina la mwenye utunzi na mwenye rekodi, jina la biashara inayotangazwa, majukwaa, muda, na kwamba matangazo ya kulipia yamo, pamoja na neno lake kwamba hajamuuzia mwingine.

Umeuliza kama ni lazima useme umelipwa. Ndiyo, na hapo ndipo mimi naona umekosea zaidi kuliko kwenye wimbo, samahani. "Nimepita hapa leo" inamwambia msomaji kwamba ulikwenda kama mteja. Hukwenda kama mteja. Ulikwenda kazini, ukalipwa elfu tisa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kwa mnunuzi, na sheria za Instagram na TikTok zote mbili zinataka ibandikwe alama ya malipo. Kwenye Instagram, kabla ya kuchapisha, tafuta "Add paid partnership label" kisha umtaje mwenye saluni, naye apewe ruhusa ya kulipia pale pale, hiyo ndiyo njia halali ya wao kuisambaza video iliyo kwako. Kwenye TikTok washa "Branded content". Elfu tisa au singo ya bure ya Idi, ni sawa: umepokea kitu.

Alama peke yake haitoshi kwa wasomaji wetu, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, juu. Anza maelezo na neno "Tangazo", liwe la kwanza kabisa kabla maandishi hayajakatwa na "more", kisha "nimelipwa na saluni hii." Liandike pia juu ya video katika sekunde za mwanzo, kwani wengi hawasomi chini. Epuka "kwa ushirikiano na", hakuna anayejua maana yake, na huenda ndiyo sababu inapendwa. Na ikiwa saluni itampunguzia bi harusi bei ili naye aisifie kwenye ukurasa wake, naye anaingia kwenye sharti hili hili, awaambie watu amepunguziwa.

Angalia sasa jinsi mambo haya yanavyoshikana. Ukiwasha "Branded content", TikTok hukuachia nyimbo za hazina ya biashara tu. Watu wengi huzima alama ili wabaki na wimbo unaovuma. Kisha wanalipwa, saluni inataka kulipia, jukwaa linakataa kwa ajili ya wimbo, mtu wa saluni anaipakia upya kwa akaunti yake na wimbo mwingine, na ule uso wa bi harusi unasafiri kwenda mahali ambapo hata wewe uliyemchukua huwezi kuushusha. Yako imeishia pale jukwaa lilipokataa. Ndiyo maana nilikwambia uwaulize habari ya faili.

Kwa video ijayo, panga hivi. Ujumbe wa ruhusa umeshajibiwa siku tatu kabla, tuseme ni namba moja na namba tano peke yake. Redio imezimwa. Unachukua mikono tu, kioo kimefunikwa kwa leso, unatazama kama hina ina herufi. Muziki unatoka Commercial Music Library, au sauti ya vikuku. Unamtumia bi harusi, anaandika "sawa". Unaweka alama na neno "Tangazo". Jibu lake la "sawa" unalipiga picha ya skrini na kulihifadhi pamoja na video, maana utalihitaji ukiulizwa.

Na kabla hujachukua elfu tisa nyingine, waambie wenye saluni waandike kwenye makubaliano yenu mambo mawili: kwamba hawatapakia faili lako upya bila kukuuliza, na kwamba mteja akiandika "toeni", nyote wawili mtatoa ndani ya saa 24 bila kujadiliana kama alikubali au hakukubali. Wakikataa hilo la pili, mimi nisingewafanyia kazi. Wanaowafuata mtandaoni ni dada za bi harusi huyu na binamu zake, na hawa ndio wanaochagua saluni ya arusi ijayo.